Somo: Kuandika dhamira na dira, na kukosoa zilizo dhaifu

Tutumie mfano mmoja wa kubuni: kikundi cha wakulima wa mwani wa Mlingotini, Bagamoyo. Mwani mwingi wanauza mkavu kwa msafirishaji. Kidogo wanasaga unga na kutengenezea sabuni. Dhamira yao, yaani sentensi inayoeleza kikundi kinafanya nini na kwa nini kipo, inasema: "Kutoa bidhaa bora za mwani kwa bei nafuu ili kukidhi mahitaji ya wateja."

Hatua ya 1. Toa "mwani", weka "mikate". Sentensi bado inasimama, kwa hiyo haijasema kitu kuhusu kikundi hiki. Usiishie hapo. Ukiandika tu "ni ya jumla mno" hujakosoa.

Hatua ya 2. Uliza kila neno linaamua nini. "Wateja" ni nani? Msafirishaji anataka mwani mkavu usio na mchanga. Mnunuzi wa sabuni anaangalia harufu na kifungashio. "Bora" kwa mwani mkavu maana yake ni unyevu mdogo na usafi, ndiyo maana unaanikwa juu ya chanja, si mchangani. Ila kosa kubwa ni "bei nafuu". Wanachama waliungana ili wapate zaidi, halafu dhamira inaahidi kuuza rahisi. Siku ya kupanga bei, mweka hazina afuate lipi?

Hatua ya 3. Andika upya ukitaja kazi, mteja, eneo na sababu ya kuwepo: "Tunalima mwani Mlingotini na kuusindika kuwa unga na sabuni kwa wanunuzi wa Bagamoyo na Dar es Salaam, ili mkulima apate zaidi kuliko akiuuza mkavu." Sasa msafirishaji si mteja mkuu tena. Wanachama wakilikataa hilo, afadhali wabishane sasa kuliko baada ya kununua mashine.

Hatua ya 4. Dira ni picha ya mbele: "Ifikapo 2035, nusu ya mwani wa wanachama iuzwe ikiwa imesindikwa." Kabla ya kuandika "nusu", pima leo ni kiasi gani, la sivyo hutajua kama ni mbali au mmeshafika.

Maswali

*Mwalimu, shikamoo. Vile vipengele tisa vya dhamira vinavyotajwa vitabuni, kama mteja, bidhaa, soko na teknolojia, lazima viwemo vyote?*
Marahaba. Hapana. Vitumie kukagua kilichosahaulika. Hapa teknolojia haimo na hakuna hasara; mteja akikosekana, hasara ipo.

*Mwani wa aina ya kotonii ukifa kwa joto la maji, tubadilishe dhamira?*
Hapana, ndiyo maana tumeandika "mwani" bila kutaja aina. Kuhamia maji ya kina kirefu au kulima aina nyingine, spinosamu, ni mkakati. Dhamira ibadilike pale mtakapoacha mwani wenyewe, au mkaamua kumhudumia mteja mwingine.

*Kwenye mtihani, ukosoaji upangweje?*
Nukuu neno lenye kasoro, taja uamuzi linaokwamisha, kisha andika sentensi mbadala. Wengi hurukia sentensi mbadala, na msahihishaji haoni ulichokuwa unarekebisha.