Kugawa OSPF kwa maeneo hakutoshi, fupisha na anwani

Wengi wakishagawa mtandao wa OSPF kuwa eneo 0 na eneo 1 hudhani jedwali la njia litapungua lenyewe. Halipungui. Ruta ya mpakani huficha ramani ya ndani ya eneo, lakini kila sabneti bado huitangaza nje moja moja. Kama eneo 1 lina sabneti 64, kuanzia 10.1.0.0/24 hadi 10.1.63.0/24, ruta za eneo 0 zitabeba njia zote 64, na kebo moja ikilegea huko, habari inasambaa hadi kwenu.

Dawa ni kufupisha sabneti hizo kuwa njia moja kwenye ruta ya mpakani. Kwa Cisco:

```
router ospf 1
 area 1 range 10.1.0.0 255.255.192.0 cost 20
```

Kisha nenda kwenye ruta ya eneo 0, piga `show ip route ospf`. Mistari ya `O IA` iliyokuwa 64 sasa ni mmoja. Sabneti moja ikianguka, nje hakuna anayesikia, maadamu nyingine bado ipo hai. Hiyo `cost 20` nimeiweka makusudi: bila hiyo, gharama ya muhtasari hukokotolewa kutokana na sabneti za ndani, ikibadilika tangazo linatoka upya.

Angalia kitu kimoja. Pakiti za sabneti iliyokufa zitaendelea kuja hadi mpakani, zitupwe pale kwenye `Null0`. Na kama anwani zilitolewa ovyo, 10.1.7.0 ikawa eneo 2, anzeni kupanga anwani upya kwanza.