Kumkatalia Keshia Zamu kwa Barua: Ninavyofanya Dukani

Nasimamia duka la rejareja Kisumu, karibu na soko la Kibuye. Majuzi keshia wa alasiri, anayeingia saa saba mchana na kutoka saa tatu usiku, aliomba kuhamia asubuhi wiki nzima.

1. Muulize kabla ya kuandika. Tulipoketi, nikagundua masomo yake ya jioni ni Jumanne na Alhamisi tu, kuanzia saa kumi na moja. Hapo ombi likawa jingine kabisa.

2. Pitia ratiba ukiwa na kalamu. Jioni watu wakitoka kazini foleni hufika mlangoni, na keshia wa pili yuko likizo ya uzazi. Kumhamisha wiki nzima hakuwezekani. Kwa Jumanne, mwenzake wa asubuhi angeweza kubadilishana naye, ila nilimuuliza kwanza. Mwaka jana niliahidi zamu ya mtu bila kumwambia, na nikanuniwa mwezi mzima. Angalia pia kesho yake: anayefunga saa tatu usiku asiitwe kufungua saa moja asubuhi. Wala usifidie saa kwa kula siku ya mapumziko. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 27, inampa mfanyakazi angalau siku moja katika kila siku saba.

3. Andika. Jibu likae aya ya kwanza. Ukilizungusha kwa sifa, atasoma akidhani amekubaliwa. Sababu iwe ya duka. Masomo yake usiyaguse.

> KUH: OMBI LAKO LA KUBADILISHA ZAMU
>
> Nimelipokea ombi lako, na tumelizungumzia. Nasikitika kwamba sitaweza kukuhamishia asubuhi wiki nzima, kwa kuwa jioni tumebaki na keshia mmoja hadi mwenzako arudi kutoka likizo.
>
> Ninachoweza ni hiki. Kwa kuwa Jumatatu ni siku yako ya mapumziko, Jumanne utaingia saa moja asubuhi na kutoka saa tisa. Mwenzako wa asubuhi amekubali kukushikia alasiri, na Jumatano ataingia saa tatu. Alhamisi utaingia saa tatu asubuhi na kutoka saa kumi, nami nitakaa kaunta. Saa moja inayopungua utaifidia Jumamosi kwa kuingia saa sita mchana. Mshahara haubadiliki.
>
> Tafadhali nijibu kufikia Ijumaa. Mwenzako akirudi kutoka likizo, tutaliangalia upya ombi lako la awali.

4. Mkabidhi mkononi. Kundi la WhatsApp la wafanyakazi si mahali pake. Chapisha nakala mbili, mpe nafasi asome mbele yako, kisha nyamaza.

Wangu alikubali Jumanne papo hapo. Alhamisi akaniambia, "Bosi, saa kumi nitachelewa matatu." Tukakubaliana aingie saa mbili na nusu na atoke saa tisa na nusu. Nikasahihisha kwa kalamu kwenye nakala zote mbili, tukatia saini kando ya sahihisho.