Kabla ya kujumlisha alama za hojaji yenye kauli za kinyume

Alfa ya Cronbach, namba inayoonyesha jinsi kauli za hojaji zinavyokwenda pamoja, ikitoka −0.08, mwanafunzi wa tasnifu huwaza kwanza kwamba wahojiwa wake walijaza ovyo. Mara nyingi wahojiwa hawana kosa. Kuna kauli moja au mbili ambazo hakuzigeuza, na kompyuta imejumlisha vitu vinavyovutana. Mengi ya kuliepusha hilo hufanyika kabla ya kubofya chochote, wakati hojaji bado iko mezani na kalamu mkononi.

Jambo la kwanza ni kuamua alama kubwa itamaanisha nini. Tuseme unapima msongo wa masomo kwa kauli nne, majibu yakianzia 1 (sikubali kabisa) hadi 5 (nakubali kabisa). Kauli ya kwanza: "Kazi za masomo zinanizidi nguvu." Ya pili: "Nikilala nawaza masomo." Ya tatu: "Ratiba yangu ya masomo naimudu vizuri." Ya nne: "Nikifikiria mitihani moyo hunienda mbio." Kama alama kubwa ni msongo mkubwa, anayeandika 5 kwenye kauli ya tatu anakuambia hana msongo, na 5 yake inapaswa kuhesabiwa kama 1. Hiyo ndiyo kauli ya kinyume. Isome kila kauli kwa sauti na ujiulize: mtu mwenye msongo mkubwa angekubali? Kama hapana, iwekee alama ya G pembeni. Usitegemee neno "si" au "bila" kukuonyesha, maana kauli ya tatu hapo juu haina ukanushi wowote lakini ni ya kinyume.

Ukitumia kipimo kilichotungwa na wengine, orodha ya kauli za kugeuza hutolewa pamoja nacho, nayo ndiyo ya kufuata. Toleo la kauli 10 la kipimo cha msongo kiitwacho PSS, kwa mfano, linageuza kauli ya 4, 5, 7 na 8. Ila kama ulibadilisha mpangilio wa kauli ulipochapa hojaji yako, namba hizo hazikufai tena mpaka uzifuatilie moja moja kwenye karatasi yako.

Kugeuza kwenyewe ni kutoa tu. Jumlisha jibu dogo kabisa na kubwa kabisa ya kipimo, kisha toa jibu la mhojiwa. Kwa 1 hadi 5 ni 6 kutoa jibu. Kwa 0 hadi 4, kama ilivyo PSS, ni 4 kutoa jibu. Kwa 1 hadi 7 ni 8. Chukua ncha za kipimo kilichochapwa, usichukue jibu kubwa lililojitokeza kwenye data. Ikitokea hakuna aliyechagua 5, kipimo bado kinaishia 5.

Haya ni majibu ya wahojiwa watano, kama walivyojaza, kabla ya kugusa chochote:

```
     q1  q2  q3  q4
A     5   4   1   4
B     4   4   2   5
C     3   3   4   3
D     2   2   3   2
E     1   2   5   1
```

Tujumlishe kwanza kwa makosa, bila kugeuza q3. Jumla zinakuwa 14, 15, 13, 9 na 9. Mhojiwa A, ambaye kila jibu lake linasema ameelemewa, amepishana alama moja tu na C aliye katikati. Sasa tugeuze q3: safuwima ile inakuwa 5, 4, 2, 3, 1, na jumla zinakuwa 18, 17, 11, 9 na 5. Watu wametengana kama walivyostahili. Lakini tazama wastani: kwa njia zote mbili jumla ya alama zote ni 60, na wastani ni 12. Hapa imetokea hivyo kwa sababu wastani wa q3 ni 3, katikati kabisa ya kipimo. Hata hivyo ndiyo maana wastani unaoonekana wa kawaida haukuhakikishii kwamba uligeuza.

Alfa ndiyo inayolisema, na inafaa kuona inavyolisema. Fomula yake ni hii, k ikiwa ni idadi ya kauli:

```
alfa = k/(k-1) × (1 − jumla ya varianzi za kauli / varianzi ya jumla)
```

Varianzi ni kipimo cha jinsi majibu yalivyotawanyika. Kwa data yetu, varianzi za kauli nne ni 2.5, 1, 2.5 na 2.5, yaani 8.5 kwa pamoja. Kugeuza hakuzibadilishi, kwa kuwa namba zilezile zimepinduliwa tu. Kinachobadilika ni varianzi ya jumla. Bila kugeuza ni 8, kwa sababu q3 ilikuwa inashuka pale wenzake wanapopanda. Baada ya kugeuza ni 30. Weka kwenye fomula: bila kugeuza, 4/3 × (1 − 8.5/8) ni −0.08. Baada ya kugeuza, 4/3 × (1 − 8.5/30) ni 0.96. Watu watano hawatoshi kupima uthabiti wa chochote, nimewatumia ili hesabu ifanyike kwa mkono. Lakini ukiifanya hivyo mara moja, alfa hasi haitakutisha tena. Utajua kuna kitu kinavuta upande wa pili.

Kwenye hojaji ndefu dalili haiwi wazi hivyo. Kauli moja isiyogeuzwa kati ya 15 inaweza kuishusha alfa kidogo tu, ikabaki juu ya 0.70, na hakuna anayeshtuka. Kwa hiyo usiishie kwenye alfa. SPSS hutoa jedwali lenye safuwima inayoitwa `Corrected Item-Total Correlation`, inayoonyesha uhusiano wa kila kauli na jumla ya zile nyingine. Kauli isiyogeuzwa huwa na namba hasi hapo. Kwa q3 yetu ni −0.86 kabla ya kugeuza, na 0.86 baada yake.

Kabla ya kuandika amri yoyote, amua pia seli tupu utazifanyaje. Hapa ndipo nimeona data nyingi zikiharibika kimyakimya. Excel huichukulia seli tupu kama sifuri kwenye hesabu ya kutoa. Ukiandika `=6-D2` na D2 haina kitu, unapata 6, namba isiyokuwemo kwenye kipimo cha 1 hadi 5, na angalau hiyo utaigundua ukitafuta jibu kubwa kabisa la kila safuwima. Kwenye kipimo cha 0 hadi 4 ni hatari zaidi: `=4-D2` inatoa 4, jibu halali kabisa, na mtu ambaye hakujibu anahesabiwa kuwa na msongo wa juu. Hakuna ukaguzi wa namba utakaoliona hilo. Andika hivi tangu mwanzo:

```
=IF(D2="","",6-D2)
```

Na kama ulitumia 99 kwa asiyejibu, 6 kutoa 99 ni −93. Kwenye SPSS ni salama zaidi kutaja kila badiliko na kupeleka matokeo kwenye safuwima mpya:

```
RECODE q3 (1=5) (2=4) (3=3) (4=2) (5=1) INTO q3r.
EXECUTE.
```

Chochote ambacho hukukitaja, 99 ikiwemo, kinabaki bila thamani kwenye q3r. Faida nyingine ya safuwima mpya ni kwamba ukiendesha amri mara mbili hutaharibu kitu. Ukigeuza juu ya q3 yenyewe, kisha ukarudia kesho kwa kusahau, umeirudisha ilikotoka, na faili halina kumbukumbu ya hilo. Herufi r mwishoni mwa jina inatosha kumkumbusha yeyote.

Jumla nayo ina mtego wa aina hiyohiyo. SUM, kwenye Excel na SPSS, hujumlisha zilizopo na kuziruka zisizokuwepo, hivyo aliyejibu kauli tatu kati ya nne anaonekana mtulivu kwa sababu tu aliruka moja. SPSS inakuruhusu kuweka sharti: `SUM.4(q1,q2,q3r,q4)` hutoa jumla pale tu zote nne zinapokuwepo. Ukiona utapoteza watu wengi, unaweza kutumia wastani wa zilizojibiwa na kuweka kiwango cha chini cha majibu, lakini kiamue kabla ya kuona matokeo, na ukiandike.

Watumiaji wa Stata wana lao la kuangalia. Amri ya `alpha` huko, usipoiambia vingine, inakisia yenyewe kauli zipi zigeuzwe. Unapata alfa nzuri, unafurahi, halafu unajumlisha safuwima zako ambazo hukuzigeuza. Alfa ni ya data moja na jumla ni ya nyingine. Ongeza chaguo la `asis` ili uone data yako ilivyo.

Je, ukigeuza sawasawa na kauli bado ina uhusiano mdogo na wenzake? Rudi kwenye maneno. Kauli kama "Sijihisi kuwa siwezi" inamlazimu mhojiwa asiyekubaliana nayo apige hesabu ya ukanushi mara tatu, na wengi hukosea. Tazama pia karatasi ghafi kabla ya kugeuza: aliyezungushia 4 kuanzia kauli ya kwanza hadi ya mwisho amekubali kwamba kazi zinamzidi na kwamba anazimudu vizuri. Kauli ya kinyume iliwekwa ili kumnasa huyo. Ukiwa nao wengi, kuitupa kauli ili alfa ipande ni kuvunja kioo kwa sababu hukupenda sura. SPSS itakushawishi kwa safuwima ya `Cronbach's Alpha if Item Deleted`, na kwa kipimo kilichotungwa na wengine, kila kauli unayoondoa inafanya jumla zako zisilinganishike na za tafiti nyingine.

Hojaji yenye sehemu mbili, tuseme msongo na msaada wa wenzako, inahitaji jumla mbili na alfa mbili. Alfa hupanda kauli zinapoongezeka, kwa hiyo ukizichanganya zote unaweza kupata namba kubwa ya kitu kisichokuwepo.

Mwisho chagua mhojiwa mmoja, toa karatasi yake, geuza na ujumlishe kwa kalamu, kisha linganisha na faili. Kwa mhojiwa A lazima upate 18. Kwenye sura ya mbinu andika kauli zilizogeuzwa kwa namba zake, jumla ndogo na kubwa inayowezekana (hapa 4 na 20), ulivyoshughulikia majibu yaliyokosekana, na alfa ya sampuli yako mwenyewe. Alfa ya waliotunga kipimo iweke kando yake kwa kulinganisha, kwa kuwa uthabiti huo ulipimwa kwa majibu ya watu wengine.