Kapsheni ya duka: kutoka tangazo la kipaza sauti hadi maneno ya muuzaji

Kazi yangu ni kuandikia maduka madogo kapsheni za Instagram, na nyingi zinazoniangukia zinafanana na hii ya dada mmoja anayeuza madera Kariakoo:

"TUNAPENDA KUWATAARIFU WATEJA WETU WOTE KUWA TUMEPOKEA MZIGO MPYA WA MADERA YA KISASA YENYE UBORA WA HALI YA JUU NA KWA BEI NAFUU. MADERA HAYA YANAPATIKANA KATIKA RANGI MBALIMBALI NA SAIZI ZOTE. DUKA LETU LIPO KARIAKOO MTAA WA KONGO. PIA TUNATUMA MIKOANI. KWA MAWASILIANO ZAIDI NJOO INBOKSI. BEI INBOKSI. KARIBUNI SANA, WAHI KABLA HAIJAISHA!!!"

Tuifumue hii hii, hatua moja baada ya nyingine.

Hatua ya 1: Ione kama mteja anavyoiona

Fungua posti kwenye simu, tena simu ya kawaida. Instagram haionyeshi kapsheni yote. Hukata baada ya herufi kama 125, mistari miwili hivi, na kilichobaki hakionekani mpaka mtu abonyeze. Wengi hawabonyezi, vidole vimeshateleza kwenye posti inayofuata.

Kwenye kapsheni ya dada yetu, neno "madera" linakuja baada ya herufi 68. Zaidi ya nusu ya nafasi inayoonekana imekwenda kwenye "tunapenda kuwataarifu", halafu maandishi yanakatika karibu na "ubora wa hali ya juu". Mteja hajaambiwa kitambaa wala bei. Ameambiwa tu kwamba kuna taarifa.

Hatua ya 2: Mhoji mwenye duka

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo watu wengi wanaporuka. Wanachukua maneno yale yale na kuyapunguza, wakati tatizo ni kwamba ndani yake hakuna kitu. Kwa hiyo weka kapsheni pembeni, piga simu, uliza: mteja akiingia dukani akashika dera hili, unamwambiaje?

Dada huyu hakunijibu "ubora wa hali ya juu". Alisema, "Namwambia shika mwenyewe mama, pamba tupu hii, jepesi, hata jua la saa saba unalivaa."

Sentensi hiyo ndiyo kapsheni. Haikuhitaji mtaalamu wa matangazo, ilikuwa mdomoni mwake siku zote.

Endelea kubana. "Saizi zote" maana yake nini? Ikaja kuonekana si kweli: dera lenyewe ni saizi moja, ila limekatwa pana, hata mwenye mwili linamtosha. Hiyo ni habari nzuri kuliko ile ya uongo, maana mama mnene akisoma "saizi zote" haamini, ameshaambiwa hivyo mara nyingi. Rangi je, inachuja? Alikuwa amelifua lake mara kadhaa, halichuji. Kama hajafua, msiandike. Mteja mmoja ambaye rangi imemchujia kwenye ndoo atakuja kulisema hapo hapo chini ya picha, na kila mtu atasoma.

Halafu bei. Wenye maduka huificha kwa sababu mbili: jirani asiione, na bei ya jumla si ya rejareja. Sababu ya kwanza siikubali, jirani bei yako anaijua kabla hujafungua duka. Ya pili inatatulika kwa kuandika zote mbili. Hapa ilikuwa 18,000 kwa rejareja, na 15,000 kwa anayechukua kuanzia 6.

Hatua ya 3: Andika fupi kwanza, kisha rudisha joto

Rasimu yangu ya kwanza huwa kavu makusudi:

"Madera ya pamba. 18,000. Jumla 15,000. Saizi moja. Kariakoo, Kongo."

Fupi, inasomeka, lakini ni karatasi ya bei iliyobandikwa ukutani. Sasa rudisha sauti ya muuzaji mahali pawili tu: mwanzo na mwisho. Katikati acha habari zikae bila mapambo.

"Dera la pamba tupu, jepesi, hata jua la saa saba unalivaa.
Rejareja 18,000. Ukichukua 6, moja 15,000.

Saizi moja, linamtosha hata mwenye mwili. Halichuji.
Tupo Kariakoo, mtaa wa Kongo. Mikoani tunatuma kwa basi.

Unataka rangi gani? Tuandikie hapa, tukutumie picha."

Hesabu maneno: ya zamani yalikuwa 54, haya ni 40. Hayajapungua sana, lakini yamebeba kitambaa, bei mbili, saizi na usafiri, na mistari miwili ya kwanza inatosha ndani ya zile herufi 125. Mtu asiyebonyeza anaondoka akijua kinachouzwa na bei yake.

Joto limetoka wapi? Kwanza, anaongeleshwa mtu mmoja. "Wateja wetu wote" ni mkutano wa hadhara, ilhali anayesoma yuko peke yake na simu, labda kwenye daladala. Pili, swali la mwisho linajibika kwa neno moja: "bluu". Ukiandika "kwa mawasiliano zaidi", hajui awasiliane aseme nini.

Msizidishe lakini. "Mpenzi", "kipenzi changu", "mrembo wangu" kwa mtu usiyemjua humfanya ahisi anabembelezwa atoe hela. "Shoga" inakubalika kama duka ni la kina mama na mwenye duka ndivyo anavyoongea kweli. Kama haongei hivyo, mteja atakayefika dukani atakuta mtu mwingine.

Hatua ya 4: Sura ya maandishi

Ondoa herufi kubwa. Maneno yetu ni marefu, na "YANAPATIKANA" ikiandikwa yote kwa herufi kubwa inakuwa ukuta, macho hayana pa kushika. Acha mstari mtupu kila baada ya mistari miwili. Emoji moja mbele ya mahali duka lilipo inatosha. Alama tatu za mshangao, hapana.

Kiungo ukikiweka ndani ya kapsheni ya Instagram hakibonyezeki, kwa hiyo cha WhatsApp kiweke juu kwenye wasifu wa ukurasa. Namba inaanza na 255, bila sifuri ya mbele wala alama ya kujumlisha:

```
https://wa.me/255XXXXXXXXX
```

Hatua ya 5: Jaribu, kisha soma maoni

Kabla ya kuposti, mpe simu mtu asiyehusika na duka aisome, wewe hesabu kimoyomoyo mpaka tano, kisha mnyang'anye. Muulize: wanauza nini, bei gani? Akikosa kimoja, mstari wa kwanza au wa pili bado una kasoro.

Baada ya kuposti, maoni ndiyo yatakayokuongoza. Wakiendelea kuuliza "bei?", wengine hawasomi kabisa, wanaangalia picha tu, hivyo iandike bei kwenye picha yenyewe. Wakiuliza "Kongo sehemu gani?", wana haki, mtaa ni mrefu na umejaa maduka. Ongeza alama inayoonekana: jengo gani, ghorofa ya ngapi, mkabala na nini.

Na mzigo ukiisha, usifute posti yenye maoni mengi. Ihariri kapsheni, mstari wa kwanza uwe: "Haya yameisha. Tuandikie rangi unayotaka, tukushtue yakija."