Pima kitambuzi cha AI kwa insha za kabla ya 2022

Kabla chuo chako hakijamwita mwanafunzi kwa sababu kitambuzi kimesema kazi yake imeandikwa na akili mnemba, fungua kabati la ripoti za zamani. ChatGPT ilitoka Novemba 30, 2022, kwa hiyo ripoti za mafunzo kwa vitendo za 2018 hadi 2021 karibu zote ni jasho la binadamu. Chukua 100 kwa kura, usichague zile nzuri. Ondoa majina, jalada na marejeo, kisha zipitishe kwenye kitambuzi kwa kiwango kilekile mnachotumia kushtaki.

Tuseme 6 zimepigwa alama. Hiyo ni asilimia 6 ya kusingizia, na kwenye darasa la watu 300 wasio na kosa utawaita kama 18 bure. Ikitoka sifuri msishangilie: kwa sampuli 100, kiwango halisi bado kinaweza kufika kama asilimia 3.

Sababu ya kutumia za kwenu ni kwamba Kiingereza cha mwanafunzi aliyekulia Kiswahili, chenye sentensi za kukariri za ripoti, huenda sicho ambacho muuzaji wa kitambuzi alikipimia.

Kipimo hiki hakisemi chochote kuhusu wadanganyifu wanaopenya. Pia hupotosha ukipima ripoti ndefu halafu ukahukumu majibu ya aya moja. Na kitambuzi kikisasishwa, namba yako imeshazeeka. Rudia kwa ripoti zilezile.