Mpangaji wako Dodoma akizidisha kodi: umwambieje ukiwa nje

Nina nyumba Nkuhungu, na kodi naipokea nikiwa huku ughaibuni. Mwaka huu mpangaji wangu, mama wa makamo, alitakiwa kulipa miezi sita, Julai hadi Desemba, kwa 250,000 kila mwezi, yaani 1,500,000. Kwenye akaunti ikaingia 1,750,000.

Kabla ya kumwandikia nilifungua taarifa ya benki. Picha ya meseji ya muamala haitoshi, kwa sababu meseji hughushiwa. Nikatazama ziada yenyewe inasema nini. Ingekuwa elfu chache, ningejua ameongeza ya kutolea, kama tulivyozoea nyumbani. Kama 1,500,000 ingeingia mara mbili, kila moja na namba yake ya kumbukumbu, huenda mtandao ulisuasua naye akatuma tena. Hii ilikuwa kodi ya mwezi mmoja kamili, kwa hiyo pengine alikusudia kulipa na Januari. Sikutaka kumwamulia. Nilimwandikia hivi:

"Shikamoo mama. Nimepokea 1,750,000 leo. Kodi ya Julai hadi Desemba ni 1,500,000, hivyo imezidi 250,000. Ukipenda, naihesabu kuwa kodi ya Januari na nitakutumia stakabadhi inayoonyesha hivyo. Kama ilizidi kwa bahati mbaya, nitairudisha kwenye akaunti ileile iliyotuma, kabla ya Ijumaa, na gharama ya kutuma ni juu yangu. Naomba unijibu upi unaoutaka."

Angalia kwamba kiasi kilichoingia, kinachodaiwa na kilichozidi vyote vimetajwa. Ukiandika tu "umezidisha kidogo, tutaona mbele", mpangaji atalala na wasiwasi, na miezi sita baadaye kila mtu atakuwa na hesabu yake.

Gharama niliibeba kwa hiari, mama huyu hajawahi kunichelewesha. Wewe ukitaka ikatwe kwenye ziada, sema kabla ya kutuma, na utaje shilingi ngapi zitafika.

Akikuambia "nitumie kwenye namba hii nyingine", kataa kwa upole. Hela irudi ilikotoka. Matapeli hutuma kutoka akaunti ya mtu mwingine, kisha huomba irudishwe kwao, na mwenye akaunti akilalamika benki unabaki wewe na kesi.

Mpangaji anayehama mwisho wa mkataba mrudishie tu, maana hana kodi ijayo ya kuihamishia. Na kama ana bili ya maji ya DUWASA aliyoiacha, usiikate kimyakimya. Mtumie picha ya bili, akubali kwa maandishi, ndipo ukate na kurudisha inayobaki. Sheria ya Mikataba ya Tanzania inamtaka aliyelipwa kwa makosa arudishe, kwa hiyo ukimya wake usiuchukue kuwa ruhusa.

Mama alijibu jioni: "Marahaba mwanangu, iwe ya Januari." Nikamtumia stakabadhi imeandikwa "Julai hadi Januari, 1,750,000, hakuna deni", na nakala nikampa ndugu yangu anayesimamia nyumba, asije akamgongea mlango Januari kudai.