Somo: Kutafsiri "acute" na "chronic" kwenye karatasi za homa ya ini B

Nililetewa karatasi moja niihariri. Ilikuwa ya kuwapa watu waliopimwa homa ya ini B, iwaeleze majibu yao yana maana gani. Aliyeitafsiri anakijua Kiswahili vizuri, na karatasi nzima ilisomeka bila kukwaruza. Katikati palikuwa na sentensi hizi:

"Homa kali ya ini huisha yenyewe kwa watu wazima wengi. Homa sugu ya ini huhitaji ufuatiliaji wa kliniki kwa muda mrefu."

Nikampa jirani yangu, fundi cherehani, asome. Nikamwuliza ameelewa nini. Akanijibu kwamba homa kali ni ile ya joto kupanda sana, na anashangaa kwamba hiyo ndiyo inayoisha yenyewe. Kuhusu homa sugu akasema, "Hiyo ni ile ambayo dawa zimeshindwa." Sentensi mbili, na zote mbili zimempeleka pasipo. Kosa si la msomaji. Alisoma Kiswahili kilichokuwa mbele yake, na Kiswahili hicho kilisema alichokielewa.

Kosa linatoka wapi

Neno "acute" lina asili ya Kilatini, na asili hiyo ni kitu chenye ncha iliyochongoka. Ndiyo maana kwenye hisabati tunasema pembe kali, na hapo tafsiri ni sahihi kabisa. Mtu akifungua kamusi anaikuta "-kali" mstari wa kwanza, anaichukua na kwenda nayo hospitali. Lakini kwa madaktari neno hilo linataja muda: ugonjwa umeanza karibuni, uko katika kipindi chake cha mwanzo, au umekuja kwa haraka. "Chronic" nalo limetokana na neno la Kigiriki la wakati. Maana yake ni kwamba ugonjwa umekaa. Halisemi umekaa kwa upole au kwa ukali.

Kwa hiyo kuna mizani mbili. Moja inapima muda, nyingine inapima uzito wa ugonjwa, ambao Kiingereza huutaja kwa "severe" na "mild". Jina la ugonjwa uliotikisa dunia mwaka 2003, SARS, linaonyesha hivyo waziwazi. Herufi ya kwanza inasimama kwa "severe" na ya pili kwa "acute". Kama maneno hayo yangekuwa na maana moja, lisingehitajika la pili. Kwa Kiswahili ni ugonjwa mkali wa ghafla wa njia ya hewa: ukali wake na ughafla wake, kila kimoja na neno lake.

Homa ya ini B ndiyo inayoonyesha hatari ya kuchanganya mizani hizi, kwa sababu mara nyingi mambo huenda kinyume na mtu anavyotarajia. Mtu mzima akiambukizwa, katika miezi ya mwanzo anaweza asihisi chochote, au akachoka, akakosa hamu ya kula, macho yakageuka manjano. Wachache sana ndio ini lao hushindwa kabisa katika kipindi hicho. Kisha chini ya watu wazima 5 kati ya 100 ndio hubaki na virusi. Kwa mtoto aliyeambukizwa wakati wa kuzaliwa ni kinyume: takriban 9 kati ya 10 hubaki navyo. Na yule aliyebaki navyo anaweza kuishi miaka 20 au 30 akijiona mzima, huku ini likijaa makovu polepole, na wengine hupata saratani ya ini. Ukimfanya msomaji aamini kwamba "chronic" ni ile nyepesi ya kuishi nayo, umempa sababu ya kuacha kliniki.

Hatua ya 1: Uliza neno linajibu swali gani

Kabla ya kufungua kamusi, soma aya nzima na ujiulize: hapa panazungumziwa *tangu lini*, au *kwa kiasi gani*? Kwenye karatasi yetu sentensi iliyofuata ilitaja miezi 6. Hiyo ilitosha kuonyesha kwamba mwandishi anaongelea muda.

Hatua ya 2: Tafuta mpaka wa ugonjwa wenyewe

Kila ugonjwa una mpaka wake, na ukiujua tafsiri hujitengeneza. Kwa homa ya ini B mpaka ni miezi 6: alama ya virusi inayoandikwa HBsAg ikiendelea kuonekana kwenye damu zaidi ya hapo, maambukizi yanahesabiwa kuwa ya muda mrefu. Kwa kikohozi cha mtu mzima, chini ya wiki 3 ni kile kilichoanza karibuni, na zaidi ya wiki 8 ni cha muda mrefu. Kwa maumivu, mpaka wa kawaida ni miezi 3. Usichukue mpaka wa ugonjwa mmoja ukauvisha mwingine.

Hatua ya 3: Chagua neno la muda linaloufaa ugonjwa huo

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa nilikaa muda mrefu. Hakuna neno moja la Kiswahili litakalobeba "acute" kila mahali.

Nilianza na *ya ghafla*. Linafaa sana kwa kidole tumbo, au kwa mtoto aliyelala mzima akaamka mguu umepooza. Kwa homa ya ini B halifai, kwani virusi huchukua miezi miwili, mitatu, hata zaidi kabla dalili hazijaonekana. Nikajaribu *ya muda mfupi*. Hilo linatoa ahadi kwamba itaisha, na mama wa mtoto mchanga aliyeambukizwa hatuwezi kumpa ahadi hiyo. *Maambukizi mapya* nalo lilinivutia, mpaka nikamfikiria mtu anayepimwa leo kwa mara ya kwanza. Kwake habari ni mpya, lakini virusi huenda anavyo tangu kuzaliwa. Atasoma "mapya" akajihesabu huko. *Ya awali* lina pande mbili: linaweza kuwa la mwanzo, au lile lililopita.

Mwishowe nilishika *homa ya ini B ya mwanzo*, lakini kwa sharti kwamba mara ya kwanza inapotajwa, miezi 6 itajwe pamoja nayo. Baada ya hapo jina fupi linaweza kusimama lenyewe.

Kwa "chronic" nilichagua *ya muda mrefu*. Kwa nini si *sugu*? Kwa sababu kwa wasomaji wetu sugu ni kile kisichosikia dawa. Malaria sugu, kifua kikuu sugu, usugu wa vimelea dhidi ya dawa: maneno haya yamo redioni na kwenye mabango ya zahanati. *Ya kudumu* nalo linafunga mlango kana kwamba hakuna kupona. Homa ya ini C ya muda mrefu leo hutibiwa kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12, na wengi sana hupona.

Hatua ya 4: Ukali upewe neno lake mwenyewe

*Kali* libaki kwa "severe" peke yake. Kwa "mild" andika *isiyo kali* au *yenye dalili ndogo*. *Ya wastani* iachie daraja la katikati, maana wengi huitumia kwa "mild" kisha wakikutana na "moderate" wanaishiwa. Na kwenye ugonjwa huu usiandike kabisa "homa kali ya ini", hata kama ukali upo kweli. Neno homa likifuatwa na kali, msomaji anashika kipimajoto. Andika "homa ya ini iliyomzidia mgonjwa", au taja dalili zenyewe.

Hatua ya 5: Mpe mtu asiye wa fani, kisha muulize

Usimwulize kama ameelewa, atakujibu ndiyo. Muulize: ipi imeanza karibuni? Ipi inahitaji kurudi kliniki? Je, dawa zimeshindwa? Hivi ndivyo sentensi zile zilivyosomeka baada ya kuhaririwa:

"Homa ya ini B ikiwa katika miezi 6 ya mwanzo huitwa homa ya ini B ya mwanzo. Kwa watu wazima wengi mwili huviondoa virusi wenyewe. Virusi vikionekana kwenye damu kwa zaidi ya miezi 6, huitwa homa ya ini B ya muda mrefu, nayo huhitaji ufuatiliaji wa kliniki."

Ni ndefu kuliko ile ya kwanza. Fundi cherehani alijibu maswali yote matatu sawasawa.

Maswali ya wanachama

*Muuguzi, Tanga:* Mwalimu, shikamoo. Wodini kwetu kisukari na presha tunaviita magonjwa sugu kila siku, na wagonjwa wanatuelewa. Unataka tuache?

Marahaba, binti yangu. Kwa mdomo, mbele ya mgonjwa aliyezoea kliniki yenu, sioni madhara, kwa sababu unaweza kumwona uso na kumfafanulia. Tahadhari ni kwenye maandishi, na zaidi pale usugu wa dawa unapotajwa kwenye karatasi hiyohiyo. Kwenye karatasi ya kifua kikuu kamwe usitumie sugu kwa maana ya muda mrefu.

*Mfasiri, Mombasa:* Nina ripoti ya mgonjwa wa mapafu yenye maneno yote mawili kwa mtu mmoja. Nilidhani daktari amekosea.

Hajakosea, ndugu yangu. Mtu mwenye ugonjwa wa muda mrefu anaweza kuzidiwa ghafla juu ya ugonjwa uleule. Andika "kuzidi kwa ghafla kwa ugonjwa wa mapafu wa muda mrefu". Ungeandika kali na sugu, ungepata "kuzidi kukali kwa ugonjwa sugu", na tukio la juzi lisingeonekana humo.

*Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, Dodoma:* Kwenye utapiamlo tunasema utapiamlo mkali na utapiamlo wa kadiri. Je, tumekosea pia?

Hapana. Mkanda wa mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi 59 ukisoma chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, na kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni njano. Kiingereza huweka "acute" kwenye rangi zote mbili, kisha huzitofautisha kwa uzito. Kiswahili chenu kimechukua uzito na kuacha muda kimya, na kazini kinatosha. Tatizo huja mtu anapotafsiri kila neno akaandika "utapiamlo mkali wa wastani". Maandishi yakilinganisha na ule wa muda mrefu, semeni ukondefu na udumavu. Angalieni jambo moja tu: mtoto aliyevimba miguu yote miwili kwa utapiamlo yumo kwenye kundi la utapiamlo mkali hata kama mkanda hausomi nyekundu, na neno ukondefu halimfuniki.

*Mkalimani, Ohio:* Kaka, ninakalimani kwa wagonjwa kutoka Kongo. Daktari akisema "chronic" bila kutaja muda, naruhusiwa kuongeza miezi 6 mwenyewe?

Usiongeze, dada. Sema "ugonjwa wa siku nyingi", ambao wagonjwa wako wataushika upesi kuliko "wa muda mrefu", kisha mwombe daktari, mgonjwa akisikia, ataje ni tangu lini. Karatasi nina muda wa kuihariri. Wewe uko mbele ya watu wawili, na hesabu hiyo ni ya daktari kuitoa.